Simu ya kazi imekupita: namna ya kujibu kwa ujumbe mfupi

Afisa anayepigia watu simu za usaili huwa na jedwali mbele yake. Safu ya kwanza ni jina, ya pili nafasi iliyoombwa, ya tatu namba ya simu, na mwisho kuna safu ya maelezo ambayo asubuhi huwa tupu. Anapiga kutoka juu kwenda chini. Anayepokea anaandikiwa siku na saa ya usaili. Wengine wanapata neno moja: "hapokei", "haipatikani", au "namba siyo". Akifika chini, anahesabu waliothibitisha. Wakitosha anafunga jedwali. Wasipotosha anarudi juu kwa wale wa "hapokei", na mara nyingi harudi zaidi ya mara moja.

Nimekaa upande huo wa simu, na ninachoweza kukuambia ni kwamba ujumbe wako wa kujibu hausomwi kama barua. Unasomwa na mtu anayetafuta mstari wako kwenye jedwali ili abadilishe neno "hapokei". Akiupata mstari huo ndani ya sekunde chache, umerudi kwenye orodha. Akilazimika kukuuliza wewe ni nani, anaacha kwanza, anasema atarudi baadaye, na hiyo baadaye inategemea mambo mengi yasiyokuhusu.

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho. Mwombaji tumwite Rehema Mussa, jina la mfano tu. Ameomba nafasi ya mhasibu msaidizi kwenye kampuni ya kuondosha mizigo bandarini, upande wa Kurasini. Jumanne asubuhi yuko ndani ya mwendokasi kutoka Kimara kwenda Gerezani, amesimama, mkoba kifuani, simu ndani ya mkoba. Saa 4:10 inaita, haisikii. Anashuka Gerezani na kuiona.

Kabla ya kupiga, itambue namba

Hamu ya kwanza ni kubonyeza ile namba palepale, huku makondakta wanaita abiria na bodaboda zinapiga honi. Ngoja dakika tano. Zitumie kujua nani amekupigia, kwa sababu jibu hilo ndilo linaloamua ujumbe utaupeleka kwa njia gani.

Tazama mwanzo wa namba. Ikianza na 022, hiyo ni simu ya mezani ya Dar es Salaam, na inafuata njia yake ambayo nitaieleza mbele. Ikianza na 06 au 07 ni simu ya mkononi. Ihifadhi kwa jina lolote kisha ifungue kwenye WhatsApp: mara nyingi utaona jina, nembo ya kampuni, au angalau picha ya mtu ofisini. Truecaller nayo husaidia, ila majina yake yametokana na jinsi watu wengine walivyomhifadhi mwenye namba, hivyo usishangae kukuta "Mama Junior Tabata" ndiye afisa ajira. Usije ukamwita hivyo.

Halafu itafute namba yenyewe. Iandike yote kwenye sehemu ya kutafutia ya barua pepe yako, kisha kwenye WhatsApp. Tafuta na zile picha za matangazo ya kazi ulizohifadhi kwenye simu. Rehema anaikuta kwenye tangazo alilotumiwa na shemeji yake wiki mbili nyuma, chini kabisa, palipoandikwa "kwa maelezo zaidi piga". Sasa anajua kampuni na anajua nafasi.

Tangazo likiwa limetolewa na wakala wa ajira, huenda jina la kampuni halimo kabisa, limeandikwa "mteja wetu". Hapo kinachokutambulisha ni jina la nafasi kama lilivyoandikwa kwenye tangazo, pamoja na namba ya kumbukumbu ya tangazo kama ipo. Wakala mmoja anaweza kuwa anatafuta dereva, mhasibu na mpishi kwa wakati mmoja kwa kampuni tatu tofauti. Ukimwambia "ile kazi niliyoomba" hujamwambia kitu.

Namba ya nje ya nchi, yenye alama ya kujumlisha na msimbo usioujua, iliyoita mara moja tu na kukatika, iache kama hujaomba kazi nchi hiyo. Kuna watu wanapiga hivyo makusudi ili urudishe simu ukatwe salio.

Piga mara moja, na upige ukiwa tayari

Simu ya kazi inajibiwa kwanza kwa simu. Ujumbe ni wa pale usipompata, au pale ambapo wewe mwenyewe huwezi kuongea kwa saa kadhaa. Tafuta mahali pa kusikilizana: ngazi za jengo, msikiti au kanisa lenye uwanja mtulivu, ndani ya gari lililoegeshwa. Sokoni Kariakoo siyo mahali pa simu hii, hata ukijibanza nyuma ya duka.

Hakikisha una dakika za kutosha, na ziwe za mitandao yote. Tangu mwaka 2017 mtu anaweza kuhama mtandao akabaki na namba yake, kwa hiyo mwanzo wa namba hauhakikishi tena kuwa mnaongea ndani ya mtandao mmoja. Kama unapigia 022, angalia bando lako linaihesabu vipi simu ya mezani. Simu ikikatika katikati ya "usaili ni siku ya...", utaanza upya na mtu ambaye ameshahamia jina linalofuata.

Na tusibipu. Najua tunabipu wajomba, tunabipu wachumba, na ule ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie" tumeuzoea tangu utotoni. Kwa mtu wa ajira haufanyi kazi. Yeye ameshapiga kwa zamu yake, na ujumbe ule hauna jina wala nafasi, kwa hiyo hauna mstari wa kuutafuta.

Ukipiga, acha iite hadi mwisho. Asipopokea, usirudie papo hapo. Huenda yuko kwenye simu na mwombaji mwingine, anaona namba yako ikiingia mara ya pili, ya tatu, ya nne, na kila inapoingia inamkatisha kuongea. Simu moja, kisha meseji. Saa za kumpata kirahisi ni saa 3 hadi saa 6 asubuhi, na saa 8:30 hadi saa 10 alasiri. Ijumaa mchana, kati ya saa 6 na saa 8, ofisi nyingi za mjini zina watu nusu kwa sababu ya swala, kisha chakula.

Meseji yenyewe

Hii ndiyo meseji aliyotuma Rehema saa 5 asubuhi, baada ya kupiga mara moja bila kupokelewa:

"Habari za kazi. Mimi ni Rehema Mussa, niliomba kazi ya mhasibu msaidizi. Samahani, sikupokea simu yako ya saa 4:10 asubuhi. Napatikana leo saa 9 hadi 11 jioni."

Ina herufi 159, ukihesabu na nafasi kati ya maneno. Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160. Ukizidisha, simu inaikata vipande viwili au vitatu, na kwa mpokeaji mwenye simu ya zamani vipande hivyo vinaweza kufika kimoja kimoja. Ukiweka emoji hata moja, ile ya viganja viwili vilivyokutana tunayopenda kuituma, nafasi ya meseji nzima inashuka hadi herufi 70. Alama za kunukuu zilizopinda, zile ambazo simu huziweka yenyewe, nazo zinafanya hivyo hivyo. Kwenye WhatsApp mpaka huo haupo, lakini bado urefu huu ndio unaofaa, kwa sababu unasomeka bila kufungua meseji, pale juu ya kioo inapoingia.

Sasa tuitazame kipande kwa kipande.

Salamu ni moja tu: "Habari za kazi". Humjui aliyepiga ana umri gani, na "shikamoo" kwa binti wa miaka 24 aliyeanza kazi Januari inawachanganya wote wawili. Kama mtaongea kwa sauti na ukasikia ni mtu mzima, shikamoo ina nafasi yake pale. Kwenye meseji, acha. Acha pia "bosi", "mkuu" na "mpendwa". Kama jina umelipata kwenye tangazo, "Habari za kazi Bi. Fulani" inatosha, na kama hujui ni mwanamke au mwanaume, jina peke yake halimkwazi mtu.

Jina ni kama lilivyo kwenye wasifu wako. Hapa watu wengi hupotea bila kujua. Wasifu umeandikwa Rehema Mussa, lakini kwenye meseji anajiita Mama Ayan, au anatumia jina la mume, au lile la utani la mtaani. Afisa anatafuta kwenye jedwali, halipo, anadhani ni mtu aliyekosea namba.

Baada ya jina, nafasi. Kisha saa ya simu. Kuitaja saa kunamsaidia afisa kukumbuka alikuwa anapigia kundi gani, kwa sababu asubuhi pengine alikuwa anaita wahasibu na mchana anaita madereva. Andika "asubuhi", "mchana" au "jioni" kila unapotaja saa. Simu ya Rehema inaonyesha 10:10, yeye ameandika saa 4:10 asubuhi, na msomaji wa Dar haoni tatizo. Lakini ukiandika "saa 4" bila kitu kingine, kuna atakayesoma saa nne asubuhi na kuna atakayesoma saa kumi jioni, hasa kama ofisi yake inatumia barua pepe za Kiingereza siku nzima. Meseji ikiwa ya Kiingereza, hesabu saa kwa mtindo wa Kiingereza moja kwa moja, na uangalie mara mbili kabla ya kutuma.

Samahani ni neno moja, bila sababu. Foleni ya Ubungo, betri, mgonjwa Muhimbili, kikao, vyote havimsaidii kupata mstari wako. Sababu ndefu ina hasara nyingine pia: usaili unaanza na swali la mgonjwa anaendeleaje, na kama mgonjwa hakuwepo, una kazi ya kuongeza.

Mwisho ni muda unaopatikana. Rehema hakuandika "napatikana muda wowote". Ana kibarua cha kuweka hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hadi saa 8:30 mchana, na akipigiwa akiwa mbele ya mwenye duka atanong'ona tu. Kwa hiyo ametaja saa 9 hadi 11, na saa hizo atakuwa huru kweli. Dirisha la saa mbili ni zuri. La nusu saa ni dogo mno, mtu wa ofisini anaweza kulikosa kwa kwenda kunywa chai tu.

Linganisha na meseji ambayo nimeipokea mara nyingi kuliko zote: "Mambo, nimekuta simu yako, nani mwenzangu?" Kwa rafiki haina kosa. Kwa mtu aliyepiga simu arobaini toka asubuhi, inamrudishia kazi yote: aanze kujitambulisha, aulize wewe nani, atafute, aeleze.

Na kama umetafuta kila mahali hujui nani kapiga wala nafasi ipi? Usibahatishe. Ukisema mhasibu na yeye alikuita kwa nafasi ya karani wa ghala, umejiondoa mwenyewe. Andika: "Habari za kazi. Mimi ni Rehema Mussa, mhasibu, nipo Dar. Nimekuta simu yako ya saa 4:10 asubuhi. Naomba kujua ilihusu nini. Napatikana leo saa 9 hadi 11 jioni." Umetaja jina na taaluma, na hayo mawili yanatosha kukutafuta.

Tuma kwa laini ileile iliyoandikwa kwenye wasifu. Wengi wetu tuna laini mbili, na tunatuma kwa ile yenye bando siku hiyo. Afisa anaona namba mpya isiyomo kwenye jedwali lake. Kama huna namna, ongeza "namba yangu kwenye wasifu ni 07..." ingawa hapo utavuka zile herufi 160. Heri kununua vocha kwenye laini sahihi.

Ikiwa aliyepiga ni 022

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu meseji uliyoiandika vizuri haina pa kwenda. Simu ya mezani ya kawaida haipokei meseji. Na ukirudisha simu, hukutani na aliyekupigia. Ofisi zenye mezani nyingi zinatoka nje kwa namba moja ya jumla, kwa hiyo namba uliyoiona ni ya jengo zima na anayepokea ni mtu wa mapokezi, ambaye hajui nani alikupigia kati ya watu wote wa ghorofa tatu.

Kwa hiyo ujumbe wako unapita kwake, kwa mdomo, naye ndiye atakayeuandika. Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

"Habari za saa hizi dada. Naitwa Rehema Mussa. Kuna mtu wa ofisini kwenu alinipigia leo saa nne na dakika kumi. Nimeomba nafasi ya mhasibu msaidizi. Naomba uniunganishe na rasilimali watu."

"Aliyekupigia anaitwa nani?"

"Sikuwahi kupokea, dada, kwa hiyo jina sinalo. Nadhani ni anayeita watu wa usaili wa uhasibu."

"Subiri kidogo... Wako kwenye kikao."

"Haya, naomba nimwachie ujumbe. Una kalamu karibu?"

Swali hilo la kalamu usiliruke. Watu wengi wa mapokezi husema "sawa, nitamwambia" huku simu nyingine inaita, na ujumbe unaishia hapo. Akishika kalamu, mpe vitu vinne tu kwa utaratibu: jina, nafasi, namba ya simu, saa unazopatikana. Namba itaje tarakimu moja moja, tatu tatu, na utulie kati ya mafungu. Ukisema "hamsini na saba, sabini na tano" kwa haraka kwenye laini yenye mkwaruzo, tarakimu zitabadilishana nafasi. Kisha mwambie, "Samahani dada, naomba unisomee namba ulivyoandika." Hakuna anayekasirika kwa hilo. Mwisho, "Na nimezungumza na dada nani?" Liandike jina lake. Kesho ukipiga tena, kusema "jana nilimwachia ujumbe dada fulani" kunakufungulia mlango upesi kuliko kujieleza upya.

Palepale tuma na barua pepe kwenye anwani ileile uliyopelekea maombi. Jibu juu ya barua yako ya maombi, usianze mpya, ili wasifu wako uwe chini yake. Maneno ni yaleyale ya meseji, na kichwa cha barua kiwe: "Kujibu simu ya Jumanne: Rehema Mussa, Mhasibu Msaidizi".

Ukikutana na mlio wa kuacha ujumbe wa sauti

Kwa simu za mkononi za hapa utasikia zaidi ile sauti ya "namba unayopiga haipatikani kwa sasa", basi. Lakini wakala wa ajira aliyeko Nairobi, Johannesburg au Dubai, na baadhi ya ofisi kubwa za hapa mjini, wana huduma ya kurekodi ujumbe, na watu wengi wakisikia ule mlio hukata simu kwa mshtuko. Usikate. Andika maneno yako kwenye karatasi kabla ya kupiga, uyasome kwa sauti mara mbili, ndipo upige. Baada ya mlio, hesabu moja kimoyomoyo kisha anza, maana mitambo mingine humeza neno la kwanza, na neno lako la kwanza lisiwe jina.

"Habari za kazi. Naitwa Rehema Mussa, nipo Dar es Salaam. Ulinipigia leo Jumanne, saa nne asubuhi, kuhusu nafasi ya mhasibu msaidizi. Samahani sikuweza kupokea. Napatikana leo kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja jioni, kwa saa za Tanzania. Namba yangu ni..." Hapa taja namba polepole. "Narudia..." Itaje tena. "Nisipokusikia leo, nitakupigia kesho saa tatu asubuhi. Asante."

Inachukua nusu dakika au zaidi kidogo. Namba inatajwa mara mbili kwa sababu anayesikiliza huwa anatafuta kalamu wakati wa mara ya kwanza. Kwa mtu wa nje, anza na 255 na uiondoe ile sifuri ya mwanzo, la sivyo akiiga ulivyosema simu haitatoka. Wakala wa nje kwa kawaida utamwachia ujumbe wa Kiingereza, na hapo saa tisa alasiri inakuwa 15:00. Nairobi ni saa ileile. Johannesburg wako nyuma yetu kwa saa moja, kwao ni 14:00. Dubai wako mbele kwa saa moja, kwao ni 16:00, kwa hiyo ukimwambia wa Dubai upigiwe saa 11 jioni ya Dar, kwake ni 18:00 na ameshatoka ofisini.

Vipi ujumbe wa sauti wa WhatsApp? Mimi naushauri pale tu ambapo yeye ndiye aliyeanza kukutumia wa sauti. Ofisini watu wamekaa meza kwa meza, kuusikiliza ni mpaka atafute spika za masikioni, na hawezi kuutupia jicho kama maandishi. Isitoshe sisi tukishika kile kitufe cha kurekodi tunaanza na habari za nyumbani, poleni na majukumu, hali ya hewa huko vipi. Sekunde ya ishirini jina bado halijatajwa.

Baada ya kutuma

Saa ulizotaja ni ahadi. Rehema saa 8:50 amekaa, simu ina chaji, sauti ya muito iko juu, karatasi na kalamu mkononi. Hatumii laini ya pili kuongea na mtu, kwa sababu kwenye simu nyingi za laini mbili ukiongea kwa moja, ile nyingine haipatikani, na afisa atasikia "haipatikani kwa sasa" wakati umemwambia unapatikana. Namba ngeni yoyote ikiita saa hizo anaipokea, maana huenda safari hii wakapiga kwa mkononi wakati asubuhi walitumia mezani.

Ikifika saa 11 kimya, haandiki tena siku hiyo. Kesho yake saa 3:30 asubuhi anapiga mara moja. Asipopokelewa, anatuma ya pili, fupi kuliko ya kwanza: "Habari za asubuhi. Ni Rehema Mussa wa nafasi ya mhasibu msaidizi, kuhusu simu yako ya jana. Leo napatikana saa 9 hadi 11 jioni." Akiwa amepata barua pepe ya kampuni, anaipeleka huko pia. Zaidi ya hapo ni kusubiri. Alama moja ya tiki kwenye WhatsApp siku nzima maana yake meseji haijafika, pengine namba hiyo haitumii data, hivyo itume kwa njia ya kawaida. Tiki mbili bila jibu maana yake imefika, na kuituma upya hakutaongeza kitu.

Akikupigia na kusema usaili upo lakini utume kwanza hela ya fomu, ya kupimwa afya au ya sare, kata. Vilevile usitume namba ya NIDA wala picha ya kitambulisho kwa meseji kwa mtu ambaye hujathibitisha ofisi yake. Piga simu kwa namba iliyoko kwenye tovuti au kwenye kibao cha kampuni, siyo ile aliyokupa yeye, uulize kama wana usaili huo. Ukigundua ni tapeli, namba yake iripoti kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti utapeli wa simu.

Na akikupigia afisa wa kweli ukiwa tena ndani ya mwendokasi? Pokea. Usiache iite ukidhani utarudisha baadaye. Sema kwa sauti ya kusikika: "Habari za kazi. Ndiyo, ni Rehema Mussa. Nipo kwenye gari, kuna kelele kidogo. Naomba nishuke kituo kinachofuata nikupigie baada ya dakika kumi kwa namba hii hii, sawa?" Akisema sawa, shuka kweli, hata kama Gerezani bado mbali. Akisema hapana, ni jambo dogo tu, basi mwombe siku, saa na mahali, urudie yote matatu kwa sauti ili akusahihishe, na umalize kwa kumwomba akutumie kwa meseji.